Vali ya Heliamu: Saa ya Mzamiaji Inavyoogopa Chumba Kikavu

Ukiitazama kwa karibu saa ya kuzamia ya bei kubwa, mara nyingi utakuta kitu cha ziada ubavuni mwake. Kwenye Rolex Sea-Dweller ni kiduara cha chuma kilicholala sawasawa na bodi, upande wa namba 9. Kwenye Omega Seamaster ya mita 300 ni kifunguo cha pili kilichochomoza karibu na namba 10. Muulize muuzaji ni cha nini, naye aghalabu atakujibu bila kusita kwamba hicho ndicho kinachoiwezesha saa kwenda kina kirefu. Sivyo. Saa ikiwa majini, vali hiyo haina kazi yoyote, iwe mita 5 au mita 500. Kazi yake hufanyika pakavu, mzamiaji akiwa kitandani anasoma kitabu, na adui anayehusika ni gesi wala si maji.

Ili hilo lieleweke, inabidi kwanza tujue mzamiaji huyo anafanya nini kitandani.

Anayezama na mtungi wa hewa ya kawaida hukutana na vikwazo viwili mapema. Kuanzia kama mita 30 hivi, nitrojeni iliyomo ndani ya hewa huanza kumlevya. Akizidi kwenda chini, akili yake huwa ya mlevi. Oksijeni nayo, ikikandamizwa mno, hugeuka sumu. Ndiyo maana kwa kazi za kina kirefu nitrojeni huondolewa na mahali pake huwekwa heliamu, gesi nyepesi isiyolevya namna hiyo. Kikwazo cha pili ni kupanda. Gesi inayovutwa chini ya shinikizo huingia ndani ya damu na nyama za mwili, na mtu akipanda haraka gesi hiyo hutoka kwa mapovu, yakaweza kumpooza au kumuua. Basi hulazimika kupanda polepole, na kwa kazi ya dakika chache kilindini anaweza kulipa muda wa saa nyingi njiani.

Kuanzia 1957, daktari wa jeshi la majini la Marekani, George Bond, alifanyia kazi wazo lililobadilisha mambo: mwili ukishashiba gesi, umeshiba. Muda wa kurudi juu salama ni uleule, uwe umekaa chini siku mbili au mwezi mzima. Kwa hiyo hakuna haja ya kumpandisha mtu kila siku. Mwache aishi chini ya shinikizo mpaka kazi iishe, kisha umrudishe mara moja tu. Julai 1964 wanaume wanne waliishi siku 11 ndani ya nyumba ya chuma iliyoitwa SEALAB, karibu na Bermuda, kwenye kina cha kama mita 58. Mwaka uliofuata ikaja SEALAB ya pili, huko California.

Leo wazamiaji wa kazi za mafuta na gesi, katika Bahari ya Kaskazini kwa mfano, hawaishi chini ya bahari. Wanaishi melini, ndani ya chemba ya chuma iliyojazwa heliamu na oksijeni kidogo, ikakandamizwa mpaka shinikizo lake lilingane na la kina wanachofanyia kazi. Humo wana vitanda, meza, bafu na choo. Chakula hupitishwa kwenye kijichumba chenye milango miwili. Joto la chemba huwekwa juu kwa sababu heliamu hunyonya joto la mwili upesi, na sauti zao huwa nyembamba za kuchekesha, kiasi kwamba walio nje huhitaji chombo cha kuzinyoosha ili wawaelewe. Wakati wa kazi ukifika, huingia kwenye kengele ya kuzamia iliyounganishwa na chemba, wakashushwa, wakafanya kazi, wakarudishwa, hali shinikizo halijabadilika sana.

Saa iliyoko mkononi mwa mtu huyo, basi, hukaa majini muda mfupi tu kwa siku. Muda uliobaki imezungukwa na heliamu.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Saa ya kuzamia huzuia maji kwa gasketi: pete za mpira zilizobanwa chini ya mfuniko wa nyuma, kuzunguka kioo, na ndani ya kifunguo, yaani kile kitufe cha ubavuni cha kutilia saa ufunguo na kurekebishia majira. Maji hayapiti hapo. Lakini heliamu ni atomu moja moja, ndogo mno, na mpira kwake una nafasi za kupenya. Hujipenyeza taratibu, siku baada ya siku, mpaka shinikizo la ndani ya saa lilingane na la chemba. Wakati huo saa haina shida yoyote. Ndani na nje ni sawasawa. Shida huja siku ya kwenda nyumbani.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Chemba imekandamizwa kufikia kina cha mita 100. Kila mita 10 za maji huongeza karibu kilo moja ya msukumo kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo ndani ya chemba kuna kilo 10 zaidi ya zile za hewa tunayovuta barabarani. Mzamiaji amekaa humo wiki tatu na saa yake imejaa heliamu ya shinikizo hilo hilo. Sasa anarudishwa. Kwa ratiba ya jeshi la majini la Marekani, shinikizo hushushwa kwa kiasi cha mita 1.8 kwa kila saa mwanzoni, na kasi hupunguzwa hadi chini ya mita 1 karibu na mwisho, tena muda wa saa 8 za kila siku chemba husimama bila kushushwa. Safari yote huchukua zaidi kidogo ya siku nne.

Mtu anarudishwa polepole hivyo ili gesi ipate muda wa kumtoka. Ratiba hiyo, hata hivyo, ilipangwa kwa ajili ya mwili. Saa yenye gasketi nzuri huiachia heliamu polepole kuliko chemba inavyoshuka. Kadiri nje panavyopungua, ndani panabaki nyuma. Tuseme siku ya mwisho mlango unapofunguliwa saa bado imebakiza kilo 4. Kioo chenye upana wa sentimita 3 kina eneo la kama sentimita 7 za mraba. Mara 4 ni kilo 28 zinazokisukuma kutoka ndani kwenda nje. Na kama mzamiaji angeamua kuitoa saa yake mapema kupitia kile kijichumba cha chakula, ambacho hushushwa shinikizo kwa dakika chache tu, zingekuwa kilo 70, uzito wa mtu mzima.

Angalia mwelekeo wa msukumo huo, maana ndiko siri ilipo. Majini, kwenye kina cha mita 300, kioo hichohicho hubeba zaidi ya kilo 200, wala hakiendi popote, kwa sababu maji hukikandamiza juu ya ukingo wa chuma kilichokalia. Maji hukikaza mahali pake. Msukumo wa ndani hauna ukingo wa kuuzuia. Kinachokishika kioo kisiruke nje ni mbano wa gasketi na pete iliyokizunguka, na katika miaka ya 1960 vioo vingi vilikuwa vya plastiki iliyobanwa tu kwenye bodi. Ndani ya zile chemba za mwanzo, vioo vya saa viliruka kwa mlio.

Robert Barth, mwanamaji aliyeshiriki SEALAB zote tatu, ndiye hutajwa kuwa aliyetoa wazo la tundu la kupumulia. Rolex iliomba hataza ya vali hiyo mwaka 1967, na Sea-Dweller ya kwanza, ya mita 610, inahesabiwa kuanzia mwaka huohuo. Doxa, kampuni nyingine ya Uswisi, nayo ilikuwa na saa yake yenye vali kufikia 1969. Mashabiki bado wanagombana nani alitangulia. Kwetu sisi inatosha kwamba wote walikuwa wanatibu ugonjwa mmoja. Wateja wakubwa wa mwanzo wa Sea-Dweller walikuwa kampuni ya kuzamia ya COMEX, ya Marseille nchini Ufaransa, ambayo wazamiaji wake walikuwa wakikaa chembani siku nyingi.

Kifaa chenyewe ni chepesi kukieleza. Ni pistoni ndogo yenye gasketi, imeshikiliwa na springi kutoka ndani. Maji yakisukuma kutoka nje, pistoni huzidi kukaa na gasketi kuzidi kubanwa. Shinikizo la ndani likiizidi nje kwa kilo kama tatu hadi tano, springi hushindwa, pistoni huinuka kidogo, heliamu hupumua, kisha springi hufunga tena. Katika mfano wetu, badala ya kioo kufikia hatari, vali ingefunguka mara kadhaa katika zile siku nne bila mzamiaji hata kujua. Hiyo ni ya kujiendesha. Ile ya Omega hufunguliwa kwa mkono: mzamiaji huilegeza hesi zake chembani kabla ya kuanza kushushwa, na kuikaza tena akimaliza.

Kuna jambo moja ambalo matangazo ya saa hayapendi kulisema sana: vali si njia pekee, na wala wahandisi hawakukubaliana kwamba ndiyo bora. Omega yenyewe mwaka 1970 ilitoa Seamaster 600, ile nene ya umbo la ajabu inayojulikana kama Ploprof, haina vali hata moja. Bodi yake ilichongwa kwa kipande kimoja cha chuma bila mfuniko wa nyuma, na hoja yao ilikuwa kwamba ukiizuia heliamu isiingie, hutakuwa na haja ya kuitoa. Seiko ya Japani ilifuata njia hiyo mwaka 1975. Baada ya mzamiaji mmoja wa kazi kuwaandikia barua mwaka 1968 kulalamika kwamba saa zao hazikuhimili kazi yake, walitengeneza saa ya titani, bodi ya kipande kimoja, yenye gasketi ya umbo la herufi L, ya mita 600. Nayo haina vali. Mimi hoja yao naiona nzito kuliko ya wenye vali: tundu ambalo halikutobolewa halihitaji gasketi.

Kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia, ISO 6425, hakiilazimishi vali. Kinachotaka kwa saa inayodai kufaa kwa wazamiaji wa mchanganyiko wa gesi ni matokeo: saa iwekwe siku 15 ndani ya gesi hiyo, kwa shinikizo linalozidi kwa robo lile lililoandikwa juu yake, kisha shinikizo liondolewe upesi, kwa dakika zisizozidi tatu, na saa ibaki nzima. Namna ya kufika hapo ni juu ya mtengenezaji.

Sasa tuje kwa mwenye saa wa kawaida. Tumchukue hata yule anayezamia kwelikweli, mathalani aliyejifunza Unguja au Watamu na kila likizo yuko Pemba. Cheti cha kwanza humruhusu mita 18, cha pili mita 30, na mpaka wa uzamiaji wa starehe ni mita 40. Anavuta hewa, au hewa iliyoongezwa oksijeni. Akitoka majini anakaa kwenye boti, upepo wa bahari unampiga. Heliamu ataipatia wapi? Hata wale wachache wanaokwenda chini zaidi na mitungi yenye heliamu hawamo katika hesabu hii, ingawa wengi wao hudhani wamo. Heliamu yao iko kwenye mtungi na mapafuni. Saa imezungukwa na maji matupu, nayo maji hayaipenyezi. Anayehitaji vali, au saa iliyozibwa kama ile ya Seiko, ni mtu anayeishi ndani ya gesi kwa siku nyingi, na watu hao duniani ni wachache. Hata wao leo hawaitegemei saa kuokoa maisha yao. Muda wao na kina chao husimamiwa na watu walio juu melini, kwa mirija na nyaya zilizounganishwa na mzamiaji.

Inafurahisha kulinganisha namba. Kina kirefu kabisa ambacho mwili wa mwanadamu umewahi kuigizwa kuwepo ni mita 701, katika chemba ya COMEX mwaka 1992. Sea-Dweller ya leo imeandikwa mita 1220, na ndugu yake Deepsea mita 3900, vali ikiwemo. Hakuna mtu anayeweza kuivaa mkononi mpaka huko akarudi. Mtu akipenda ufundi wa namna hiyo kwa ajili ya ufundi wenyewe, sina neno. Uzuri wa chombo ni sababu ya kutosha kukinunua. Ila asiambiwe kwamba Submariner ya mita 300 isiyo na vali ni dhaifu kwake, kwa kuwa kwake yeye zote mbili hazina mpaka atakaoufikia.

Vali ya kujiendesha haimdhuru mtu wa kawaida, ingawa ni tundu moja zaidi lenye gasketi itakayochakaa. Ile ya kufungua kwa mkono ndiyo ya kuangaliwa. Mwenye saa huichezea kwa udadisi, akasahau kuikaza, kisha akaingia baharini. Matoleo mapya yametengenezwa yavumilie kosa hilo, ya zamani usiyajaribu. Ikaze siku ya kwanza uliyoipata saa, uiache hivyo. Na katika saa za kuigiza zinazouzwa kwa bei ya kutupa, vali mara nyingi ni pambo tu lililochomekwa.

Kinachoziua saa za kuzamia za watu wa kawaida ni kifunguo.

Kwenye saa nyingi za aina hii kifunguo hufungwa kwa hesi, kama nati. Watu huamini hesi ndizo zinazozuia maji. Zinazozuia ni gasketi: moja au mbili zinazosuguana na mrija ambamo kifunguo kinaingia, na nyingine inayobanwa chini kabisa kifunguo kinapokazwa. Hesi kazi yake ni mbili. Zinaibana hiyo gasketi ya mwisho, na zinakizuia kifunguo kisivutwe nje kwa bahati mbaya, kikinaswa na mkono wa shati au kamba ya boti. Kwa hiyo kifunguo kilichosukumwa ndani bila kukazwa bado kina kinga kidogo, na hapo ndipo hadaa ilipo: mtu ananawa nacho siku tano bila kuona kitu, siku ya sita anaogelea na maji yanaingia.

Wala hesi si sharti la lazima. Omega Seamaster 300 za miaka ya 1960 zilikuwa na kifunguo cha kusukuma tu, kilichobuniwa kibanwe zaidi maji yanapokisukuma. Casio DW-5600, ile G-Shock ya mraba, imeandikwa mita 200 na haina kifunguo kabisa. Hesi ni bima nzuri kwa saa ambayo kifunguo chake hufunguliwa mara kwa mara, mradi mwenyewe akumbuke kuifunga.

Namna ya kuifunga ina ufundi wake. Hesi za saa ni nyembamba, na zikiingiliana vibaya mara chache tu zinalika, na mrija wake hung'olewa na fundi kuwekwa mpya. Ikaushe saa kwanza pamoja na mkono wako. Sukuma kifunguo ndani na ukizungushe kinyume, taratibu, kama unakifungua. Utahisi kikidondoka kidogo, ishara kwamba hesi zimepatana mwanzo na mwanzo. Hapo ndipo uzungushe mbele. Kikikataa mapema au ukihisi mkwaruzo, rudi nyuma uanze upya. Kikifika mwisho, acha. Kukaza kwa nguvu hakuongezi kinga. Kunaiponda gasketi mpaka inapoteza ule unyumbukaji unaoifanya izibe.

Mengine ni nidhamu. Kifunguo hakifunguliwi majini, wala saa ikiwa imelowa, kwa sababu tone lililokaa shingoni mwa mrija litafuata njia. Kabla ya kuingia baharini kiguse kwa kidole: kikizunguka kirahisi, hakijafungwa. Saa yenye vitufe vya kupimia muda, navyo vikiwa na hesi, hivyo vikazwe pia, na visibonyezwe chini ya maji isipokuwa mtengenezaji ameandika kwamba inaruhusiwa. Anayetia saa yake ufunguo kwa mkono kila asubuhi anazichakaza hesi kila asubuhi. Kwa saa inayojitia yenyewe inatosha kuivaa.

Mtu atauliza kuhusu kuogelea kwa nguvu, maana imekuwa imani kwamba kupiga mkono majini huongeza shinikizo kupita namba iliyoandikwa. Hesabu haikubali. Mkono uendao mita 3 kwa sekunde, mwendo ambao waogeleaji wengi hawaufikii, huongeza msukumo sawa na kina cha kama sentimita 45. Kinachoidhuru saa kuliko huo mwendo ni maji ya moto yenye sabuni, yanayofuatiwa na ya baridi: chuma na mpira havitanuki sawa, na sabuni hulegeza ushikaji wa gasketi. Kwa hiyo anayechukua udhu mara tano kwa siku na saa mkononi anaijaribu gasketi ya kifunguo mara nyingi kuliko mzamiaji wa likizo. Hilo halina madhara saa ikiwa imefungwa na gasketi ni nzima. Chumvi ya bahari nayo ioshwe kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, la sivyo hukauka ndani ya hesi na kuzila.

Maji yakishaingia, dalili ya kwanza ni ukungu ndani ya kioo, kwa kawaida saa inapotoka kwenye joto kwenda kwenye ubaridi, kama vile kutoka juani hadi ofisini penye kiyoyozi. Ukungu ukionekana hata kwa dakika moja kisha ukatoweka, unyevu bado umo ndani. Kuianika juani hakuuondoi. Ikiwa ni maji ya bahari, saa ifunguliwe siku hiyohiyo, kwa maana kutu ya chumvi haingoji wiki.

Upo mtihani mdogo ambao mafundi huutumia kugundua unyevu, na umo hata katika kile kiwango cha ISO. Saa hupashwa joto hadi digrii 40 au 45, kisha tone la maji baridi huwekwa juu ya kioo. Baada ya dakika moja tone hufutwa. Kama chini yake pamefanya ukungu kwa ndani, kuna unyevu. Huo unasema maji yameshaingia. Kujua kama yataingia kunahitaji mashine ya kupimia shinikizo. Aina moja huiweka saa pakavu, ikaikandamiza kwa hewa au kuinyonya, na kupima kama kioo kinainama na kubaki kilivyo. Kikirudi taratibu, saa inavuja. Nyingine huikandamiza saa kwa hewa juu ya maji, ikaitumbukiza, kisha ikaliondoa shinikizo. Hewa iliyojipenyeza hutoka kwa mapovu, na povu linapotokea ndipo penye ubovu.

Fundi saa wengi wa barazani katika miji yetu wana mkono mwepesi na hawana mashine hiyo. Ni jambo la kulijua unapompelekea mmoja wao saa ya kuzamia abadilishe betri. Mfuniko ukishafunguliwa, ile namba ya mita iliyochapwa juu ya uso wa saa haina dhamana tena mpaka gasketi ikaguliwe, ipakwe mafuta ya silikoni na saa ipimwe. Gasketi iliyobapa, iliyopasuka au inayong'ang'ania kwenye chuma itupwe. Mpya ni ya bei ndogo, ukilinganisha na injini iliyoota kutu. Mwulize fundi kabla hajaanza kama ana gasketi ya ukubwa wa saa yako na kama anaweza kuipima. Akisema hawezi kuipima, bado unaweza kumwachia kazi ya betri, ila baada ya hapo usiingie nayo baharini, hata iwe na vali ya heliamu.